Sufuria Mbili za Ugali

Kuna mama mmoja wa Mfaranyaki, hapa Songea, ambaye husonga ugali mara mbili kwa siku. Wa kwanza anausonga saa sita mchana kwenye kibanda chake karibu na Soko Kuu, kwa ajili ya wapagazi, madereva wa bodaboda na wauza mitumba. Wa pili anausonga saa moja jioni nyumbani kwake, kwa ajili ya watoto watano, mama mkwe, mdogo wa mumewe na mume mwenyewe. Unga ni wa kiroba kimoja, kwa sababu kila jioni anachota kilo mbili kibandani na kurudi nazo nyumbani kwenye mfuko wa plastiki. Mwiko pia ni mmoja. Alipoupoteza mwaka jana alikopa wa jirani mpaka siku ya gulio. Nilimwuliza upi kati ya ugali huo unamchosha zaidi. Akajibu ni wa jioni, maana wa mchana anaupika akiwa na nguvu, na hakuna mtoto anayemvuta kanga.

Ugali wa mchana umo katika Pato la Taifa. Wa jioni haumo. Sura hii inaeleza kwa nini, na ili tuelewe inabidi kwanza tuone Pato la Taifa linavyopatikana, maana watu wengi wanaposikia redioni kwamba uchumi umekua kwa asilimia fulani hudhani serikali imejumlisha fedha zilizozunguka. Haifanyiki hivyo.

Tuanze na gunia la mahindi, kwa kuwa tuko Ruvuma. Bei ninazotaja ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kujumlisha. Mkulima wa Peramiho anauza gunia la kilo mia moja kwa shilingi 60,000. Ili alipate gunia hilo alitumia mbegu, mbolea na dawa za shilingi 22,000. Vitu hivyo vilitengenezwa na wengine. Yeye amevitumia tu. Alichoongeza yeye, kwa jembe lake, ardhi yake na miezi yake ya kupalilia, ni 60,000 kutoa 22,000, yaani 38,000. Hiyo ndiyo huitwa thamani iliyoongezwa, na ndiyo inayoingia kwenye hesabu kwa jina lake.

Mwenye mashine wa mjini analinunua gunia lile, analikoboa na kulisaga. Anapata kilo 80 za sembe anazouza kwa 88,000, na pumba za 6,000, jumla 94,000. Kwa upande wa gharama, mahindi yalimtoa 60,000, na umeme pamoja na mifuko 10,000. Thamani aliyoiongeza ni 24,000. Kama takwimu zingekuwa kujumlisha mauzo tu, tungeandika 60,000 ya mkulima na 94,000 ya mashine, tupate 154,000, na mahindi yale yale tungekuwa tumeyahesabu mara mbili. Ndiyo maana hesabu inachukua kile ambacho kila mmoja ameongeza, 38,000 na 24,000, kisha inakwenda kwa aliyezalisha umeme na aliyezalisha mbegu kuchukua cha kwao. Mbolea iliyotoka ng'ambo inabaki kuwa pato la huko ilikotengenezwa.

Sasa tufike kibandani. Kilo mbili za unga, shilingi 2,200. Maharage, 1,800. Mboga za majani, nyanya, mafuta na chumvi, 1,500. Mkaa, 1,000. Jumla 6,500. Zinatoka sahani nane, kila moja 1,500, mama anapata 12,000. Ameongeza thamani ya shilingi 5,500. Ukipanda ngazi kutoka kwa mama huyu hadi kwenye mabenki, migodi, shule na barabara zote za nchi, ukajumlisha thamani ambazo kila mmoja ameongeza kwa mwaka, na ukaweka juu kodi za bidhaa, umepata Pato la Taifa. Unaweza kulifikia pia kwa njia nyingine mbili: kujumlisha walichopata watu, yaani mishahara, faida na kodi, au kujumlisha walichotumia katika kula, kujenga, kuendesha serikali na kuuza nje, ukatoa kilichonunuliwa kutoka nje. Njia zote tatu zinapaswa kukutana, na zisipokutana watakwimu hukaa chini kutafuta penye kasoro.

Msomaji makini atauliza: huyu mama hana risiti wala mashine ya EFD, Ofisi ya Taifa ya Takwimu kule Dodoma imejuaje habari za zile 5,500? Haikuzijua. Imezikadiria. Kila baada ya miaka kadhaa hufanyika tafiti kubwa, mfano Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, ambapo wadadisi hukaa na familia zilizochaguliwa, na kila kilicholiwa na kununuliwa kinaandikwa. Humo inaonekana watu wanatumia kiasi gani kwa chakula cha kwa mama lishe. Upo pia Utafiti wa Nguvu Kazi, unaoonyesha ni watu wangapi wanafanya biashara ndogo kama hiyo. Kutokana na vyanzo hivi hutengenezwa picha kamili ya uchumi kwa mwaka mmoja unaoitwa mwaka wa kizio. Kwa Tanzania mwaka huo ulikuwa 2007, kisha ukasogezwa hadi 2015. Miaka inayofuata, picha ile inasukumwa mbele kwa takwimu za kila robo mwaka na kwa makadirio.

Nakaa hapa kwa makusudi. Mara nyingi nimesikia wasomi wakisema kazi ya nyumbani haihesabiki kwa sababu haina bei wala kumbukumbu, kana kwamba vyote vilivyomo ndani ya Pato la Taifa vina bei na kumbukumbu. Tazama mahindi yale yale. Mkulima wa Peramiho akivuna magunia ishirini, akauza kumi na mawili na kuweka manane ghalani kwa ajili ya kula, yote ishirini yanahesabiwa. Watakwimu wanachukua ukubwa wa mashamba, wanazidisha kwa mavuno ya ekari, wanapata tani, kisha wanaziwekea bei ya shambani. Gunia lililoliwa na watoto wa mkulima lina thamani sawa na lililokwenda kwenye ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hakuna aliyelinunua wala risiti iliyoandikwa, na bado limo. Na ndivyo inavyostahili, maana bila hivyo nchi ya wakulima ingeonekana haina kitu.

Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Ukiishi katika nyumba yako mwenyewe pale Bombambili, hulipi kodi kwa mtu. Lakini hesabu za taifa zinakuchukulia kuwa mwenye nyumba na mpangaji kwa pamoja: zinakadiria kodi ambayo ungelipa kama ungepanga nyumba kama hiyo, na kuiingiza kwenye Pato la Taifa. Sababu yake ni ya msingi. Bila makadirio hayo, nchi ambayo watu wake wengi wanamiliki nyumba zao ingeonekana maskini kuliko nchi ya wapangaji, ingawa wote wanalala chini ya paa.

Basi mpaka umepita wapi? Mwongozo unaofuatwa na nchi karibu zote ni Mfumo wa Hesabu za Taifa wa Umoja wa Mataifa. Kwa mujibu wa toleo la 2008, kila bidhaa ambayo kaya imejizalishia kwa matumizi yake inahesabiwa: mahindi, maziwa, mkeka uliosukwa, chungu kilichofinyangwa, samaki aliyekaushwa, komoni iliyopikwa kwa ajili ya msiba. Kuni zilizookotwa msituni zimo. Maji yaliyobebwa kichwani kutoka mtoni yamo. Lakini huduma ambazo wanakaya wanafanyiana bila malipo hazimo: kupika na kupakua, kufua, kufagia, kulea watoto, kuuguza wagonjwa, kutunza wazee. Huduma mbili tu za ndani ya nyumba zimeruhusiwa kupita, ile kodi ya kukisiwa na kazi ya msaidizi wa nyumbani anayelipwa mshahara.

Fuata mpaka huo kwa macho na utaona unakata jiko katikati. Bibi kijijini anatoka na ndoo alfajiri, akirudi na maji amezalisha. Anaokota kuni njiani, amezalisha. Anatia mahindi kinuni, anatwanga, anapepeta kwa ungo, anapata unga. Mwongozo unataja wazi kwamba kutengeneza unga kutokana na nafaka ni uzalishaji. Kisha anabandika sufuria mafigani, anamimina ule unga kwenye maji yale juu ya moto wa kuni zile. Tangu hapo, kwa mujibu wa hesabu za taifa, bibi hafanyi lolote la kiuchumi. Maji, kuni na unga vimeingia kwenye pato; ugali wenyewe, ambao ndio sababu ya vyote vitatu, uko nje.

Mpaka huu una historia, na sehemu yake ya mwanzo ilipita jirani kabisa na kwetu. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, Richard Stone na James Meade waliiandalia serikali ya Uingereza jedwali la pato la nchi ili ijue ina uwezo gani wa kugharimia vita. Jedwali lilifaa, na swali likazuka kama linaweza kutumika katika makoloni. Taasisi moja ya utafiti ya London ikampa kazi hiyo mwanamke kijana, Phyllis Deane. Alikabidhiwa, pamoja na nchi nyingine, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zambia na Malawi. Nyasaland ni ng'ambo ya ziwa ukisimama Mbamba Bay. Maisha ya vijiji vyake na ya vijiji vyetu vya Nyasa na Songea yalifanana sana.

Deane alianza na nyaraka za serikali, akaona hazimtoshi, na baada ya vita alikwenda mwenyewe vijijini. Alikuta uchumi ambao sehemu yake kubwa haikugusa fedha kabisa, na ulioendeshwa kwa kiasi kikubwa na wanawake. Akafikia hitimisho kwamba kuziacha nje kazi kama za kukusanya kuni na kuandaa chakula hakuna mantiki, kwa kuwa katika kijiji huwezi kutenganisha kulima chakula na kukifanya kiwe chakula. Ushauri huo haukufuatwa. Umoja wa Mataifa ulipotoa mwongozo wa kwanza wa mwaka 1953, uliotayarishwa na kamati iliyoongozwa na Stone, huduma za nyumbani ziliachwa nje. Mwaka 1993 mpaka ulisogezwa ukameza bidhaa zote ambazo kaya inajizalishia, lakini mlango wa jikoni haukuvukwa.

Waliouweka mpaka hapo hawakuwa wajinga, na sababu zao zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba serikali inatumia Pato la Taifa kukadiria kodi, mfumuko wa bei na ajira. Mama wa Mfaranyaki akisonga ugali mkubwa zaidi jioni, bei sokoni hazipandi kwa hilo, wala halmashauri haipati ushuru. Ukiingiza shughuli kubwa kiasi hicho isiyosukumwa na fedha, unaweza kuficha mabadiliko ambayo waziri wa fedha na benki kuu wanahitaji kuyaona haraka. Ya pili ni ajira: kama kupika nyumbani ni uzalishaji, basi karibu kila mtu mzima ana kazi, na kijana anayezunguka na vyeti akitafuta ajira ataonekana ameajiriwa kwa kuwa amefua nguo zake. Ya tatu ni bei, na hiyo ndiyo ngumu zaidi, nitaifikia.

Naikubali sababu ya kwanza na ya pili. Zinatosha kueleza kwa nini ugali wa jioni usichanganywe katika takwimu ile ile ya kila robo mwaka. Hazitoshi kueleza kwa nini usipimwe kabisa. Watakwimu wenyewe walikwishapata njia ya kati: akaunti tanzu, yaani hesabu ya pembeni inayotumia lugha na kanuni zile zile, inayosimama kando ya Pato la Taifa ili mtu aweze kuyaweka mawili hayo sambamba. Mwongozo mpya ulioidhinishwa mwaka 2025 bado unaiacha kazi ya nyumbani nje ya Pato la Taifa, lakini unazihimiza nchi ziwe na akaunti ya namna hiyo.

Kuitengeneza kunahitaji vitu viwili: saa na bei.

Saa zinapatikana kwa utafiti wa matumizi ya muda. Tanzania si mgeni hapa. Sehemu ya matumizi ya muda iliwekwa kwenye Utafiti wa Nguvu Kazi wa 2006, ikarudiwa 2014 na 2020/21. Mdadisi anamwomba mtu aeleze siku yake saa baada ya saa, tangu alipoamka mpaka alipolala. Ni lazima iwe saa baada ya saa, kwa sababu swali la jumla linaharibu kila kitu. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Sina kazi, mwanangu. Niko nyumbani tu."

Mdadisi aliyefundwa vizuri hafungi daftari hapo. Anauliza: leo uliamka saa ngapi? Saa kumi na moja. Ukafanya nini? Nikawasha moto, nikabandika uji. Baada ya hapo? Nikamwogesha mtoto, nikafagia uwanja, nikaenda bombani. Ukifika jioni daftari limejaa, na mwanamke aliyesema hana kazi ana saa saba au nane za kazi mkononi.

Hata hivyo saa zenyewe zina mitego. Mama amembeba mtoto mgongoni, sufuria iko jikoni, anachambua maharage, na sikio liko kwa mama mkwe aliyelala ndani akiumwa. Hiyo ni saa moja au saa nne? Ukiandika shughuli moja tu, kwa kawaida inaandikwa ile inayoonekana, kupika, na malezi na uuguzi vinapotea. Ukiandika zote kama saa kamili, siku inakuwa na saa arobaini. Tafiti nzuri zinaandika shughuli kuu na shughuli ya pili, na huko ndiko malezi ya watoto hujificha. Ukiona utafiti unaosema akina mama wa kijijini wanalea watoto kwa dakika chache tu kwa siku, ujue shughuli ya pili haikuulizwa.

Sasa bei. Tuchukue kwamba mama wa Mfaranyaki anafanya saa sita za kazi za nyumbani kila siku, kando ya biashara yake, yaani saa 180 kwa mwezi. Njia inayotumika zaidi ni kuuliza ingemgharimu kiasi gani kumlipa mtu mwingine afanye kazi hiyo. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 120,000 kwa mwezi kwa msaidizi wa nyumbani wa kawaida asiyeishi kwa mwajiri. Sheria ya kazi inataja saa 45 kwa wiki, karibu saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo kwa kiwango hicho saa moja ilikuwa kama shilingi 615. Zidisha kwa 180, kazi ya mama huyu nyumbani kwake ni takriban shilingi 110,000 kwa mwezi.

Njia ya pili haiangalii saa, inaangalia kilichotoka. Sufuria ya jioni inalisha watu wanane, kama ile ya mchana. Kwa bei ya kibandani imeongeza shilingi 5,500. Kwa siku thelathini ni 165,000, na hapo hatujagusa uji wa asubuhi, ndoo za maji, nguo, wala mgonjwa. Kwa njia moja kazi zake zote ni 110,000. Kwa nyingine chakula cha jioni peke yake ni 165,000. Sehemu ya tofauti hiyo ni halali, kwa kuwa bei ya kibandani inabeba pia meza, mabenchi na hatari ya kubaki na ugali usionunuliwa. Sehemu iliyobaki inatokana na kwamba mshahara wa msaidizi wa nyumbani ni mdogo mno. Kwa maoni yangu ni mdogo kwa sababu kazi yenyewe imezoeleka kufanywa bure. Ukiitumia bei hiyo kupima kazi ya mama, unaipima dharau kwa rula ya dharau.

Iko njia ya tatu, ya kuuliza mtu angepata kiasi gani kama muda huo angeutumia kwenye kazi ya kulipwa. Mimi siipendi. Inafanya ugali wa daktari uwe ghali mara kumi kuliko ugali wa mkulima, wakati walaji wa pande zote mbili wameshiba sawasawa.

Kwa sababu ya tofauti hizi, akaunti tanzu nzuri haitoi namba moja. Inatoa kiwango cha chini na cha juu, na inasema wazi imetumia mshahara wa nani. Ofisi ya takwimu ya Kenya ilipothaminisha kazi ya nyumbani kutokana na utafiti wake wa matumizi ya muda wa 2021, ilipata thamani inayozidi moja ya tano ya Pato la Taifa la nchi hiyo, sehemu kubwa sana ikiwa imezalishwa na wanawake. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilikadiria kwamba kazi za malezi na za nyumbani zisizolipwa zinachukua saa bilioni 16.4 kila siku duniani, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Likizithaminisha kwa kima cha chini cha mshahara tu, lilipata asilimia 9 ya pato la dunia nzima. Kima cha chini, kama tulivyoona, ndicho kinachotoa namba ndogo.

Namba hizi zinapokosekana, makosa yanayotokea si ya kwenye karatasi tu. Chukua wodi ya hospitali yoyote ya mkoa. Muuguzi anayetoa dawa anahesabiwa kwa mshahara wake, kwa sababu huduma za serikali zinapimwa kwa gharama. Pembeni ya kitanda yuko dada au binti wa mgonjwa anayemwogesha, anayemgeuza, anayeleta uji kwenye chupa ya chai, anayelala chini kwenye mkeka. Hospitali ikiamua kuwaruhusu wagonjwa siku tatu mapema, kwenye vitabu itaonekana imepunguza gharama na imeongeza ufanisi. Uuguzi haujapungua hata kidogo; umehamia nyumbani, kwa mtu ambaye huenda ameacha biashara yake au shule ili aufanye. Kwa kuwa upande huo hauna hesabu, hakuna anayeweza kukaa mezani na kuuliza kama akiba ile ni akiba kweli.

Ukuaji wa uchumi wenyewe nao unaweza kutudanganya. Tuseme majirani wawili wa Mfaranyaki wanakubaliana kila mmoja apike chakula cha jioni cha nyumba ya mwenzake, na wanalipana 5,500 kila siku. Unaliwa wali na ugali ule ule, na watu wale wale wameshiba. Pato la Taifa limepanda kwa 330,000 kwa mwezi. Hakuna majirani wanaofanya hivyo, lakini mji unaokua kama Songea unafanya kitu kinachokaribia hicho kila mwaka: mama anaingia kazini, mtoto anapelekwa kituo cha kulelea watoto, chakula cha mchana kinanunuliwa, nguo zinapelekwa kwa dobi. Sehemu ya kile tunachoita ukuaji ni uzalishaji mpya, na sehemu ni kazi ya zamani iliyoruka ua na kupata bei. Bila kupima ilikotoka, hatuwezi kuzitenganisha.

Na kuna bomba la maji. Kijiji kikichimbiwa kisima na kupata vituo vya kuchotea, Pato la Taifa linasajili gharama ya ujenzi, kisha maji yanayouzwa. Saa mbili ambazo kila mwanamke alikuwa akizitembea kwenda na kurudi mtoni hazionekani zikiondoka. Kama amezitumia kulima bustani, mboga zitaonekana. Kama amezitumia kumnyonyesha mtoto akiwa ametulia, au kulala, halionekani lolote. Mradi huo ukishindanishwa na barabara kwenye meza ya bajeti, faida yake kubwa kuliko zote itakuwa imeandikwa sifuri.

Siku moja mdadisi mwenye kishikwambi atabisha hodi kwako. Inawezekana nyumba yako ikachaguliwa mara moja tu katika maisha yako, na majibu yako yatasimama badala ya nyumba mamia ambazo hazikuchaguliwa. Akikuuliza unafanya kazi gani, usimjibu kwamba uko nyumbani tu. Na wewe baba uliyekaa sebuleni, usimjibie mkeo. Mwite aeleze mwenyewe siku yake, saa moja moja, pamoja na mtoto aliyekuwa mgongoni.